Chupa ya masizi ya Tokyo na malori ya Tunduma: historia ya viwango vya moshi wa dizeli

Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 na kupewa jina la Euro 7 imepangiwa kuanza kutumika kwa aina mpya za magari madogo Novemba 29, 2026, na kwa aina mpya za malori Mei 28, 2028. Tarehe hizo zinawahusu wakazi wa mkoa wa Songwe kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa kila hatua mpya inapoanza kutekelezwa katika nchi zinazotengeneza magari, magari ya hatua zilizopita hutafutiwa soko kwingine, na sehemu kubwa ya soko hilo imo barani Afrika. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambayo hukatiza wilaya ya Mbozi yenye kata kama Ruanda, Mlowo na Vwawa kabla ya kuufikia mpaka wa Tunduma, hubeba kila siku mafuta, mbolea na shaba kwa injini zilizoundwa chini ya sheria za Brussels na Tokyo.

Sheria hizo hulenga hasa vitu viwili vinavyotoka katika bomba la moshi la injini ya dizeli. Cha kwanza ni oksidi za nitrojeni, yaani gesi zinazozaliwa pale joto kali ndani ya silinda linapolazimisha nitrojeni na oksijeni ya hewa kuungana. Gesi hizo huwasha mapafu na, zikipigwa na jua pamoja na mivuke ya mafuta, huzalisha ozoni karibu na ardhi. Cha pili ni chembechembe, ambazo kwa sehemu kubwa ni masizi ya mafuta yasiyoungua vizuri, na zilizo ndogo zaidi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Ugumu uliowasumbua wahandisi kwa miongo kadhaa ni kwamba viwili hivi huvutana: mwako wenye joto kali huteketeza masizi lakini huzidisha oksidi za nitrojeni, na mwako uliopozwa hupunguza oksidi hizo lakini huacha masizi mengi. Ndiyo maana sheria zilibana hatua kwa hatua, kwani kila hatua ilidai teknolojia ambayo ile ya awali haikuihitaji.

Kwa malori ya Ulaya, ukomo wa oksidi za nitrojeni mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa gramu 14.4 kwa kila kilowati-saa ya kazi iliyofanywa na injini. Euro I ya mwaka 1992 iliushusha hadi gramu 8, na kwa mara ya kwanza ikaweka ukomo wa chembechembe, gramu 0.36 kwa injini kubwa. Euro III ya mwaka 2000 ilidai gramu 5 na gramu 0.10, Euro V ya mwaka 2008 gramu 2 na gramu 0.02, na Euro VI, iliyoanza mwaka 2013, gramu 0.4 na gramu 0.01. Lori lililosheheni linalofanya kazi kwa wastani wa kilowati 100 kwa saa moja, katika milima iliyo kati ya Mbeya na Tunduma, lingeruhusiwa kuacha gramu 800 za oksidi za nitrojeni kama ni la Euro I, gramu 500 kama ni la Euro III, na gramu 40 tu kama ni la Euro VI. Masizi yake yangeshuka kutoka gramu 36 hadi gramu 1.

Mabara hayakubana kwa mpangilio mmoja, kwa sababu kila moja lilianza na ugonjwa wa hewa yake. Los Angeles, mji wenye jua kali uliozungukwa na milima, ulisongwa na ukungu wa kemikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo huzaliwa kutokana na oksidi za nitrojeni na mivuke ya petroli vikichomwa na jua. Kutokana na ugunduzi huo Marekani ilikuwa kali mapema juu ya oksidi za nitrojeni, na baadaye ikalipa gari la dizeli ukomo uleule wa gari la petroli. Ulaya, iliyoipenda dizeli kwa kuwa hutumia mafuta kidogo, iliiachia gari dogo la dizeli gramu 0.18 kwa kilomita chini ya Euro 5, wakati Marekani ilitaka takriban gramu 0.04. Katika pengo hilo ndipo kampuni ya Volkswagen iliponaswa Septemba 2015, ilipobainika kwamba programu za injini zake zilitambua gari liko kwenye kipimo na kulisafisha kwa muda huo tu.

Kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kinayagusa moja kwa moja malori ya Kijapani yanayojulikana sana Tanzania, ni kile cha Tokyo. Serikali ya Japani, kama ile ya Marekani, ilikuwa imeshughulikia zaidi oksidi za nitrojeni, na sheria yake maalumu ya mwaka 1992 kwa miji mikubwa ilizitaja hizo peke yake, huku masizi ya dizeli yakipewa nafasi ya pili. Mwaka 1999 Shintaro Ishihara, mwandishi wa riwaya aliyegeuka mwanasiasa, alichaguliwa kuwa gavana wa Tokyo, na Agosti mwaka huo akatangaza kampeni ya kuikataa dizeli. Alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya plastiki iliyojaa masizi meusi yaliyotoka katika magari, akaitikisa na kuyamwaga, ili kila aliyetazama televisheni aone kitu ambacho wakazi wa jiji lake walikuwa wakikivuta puani. Takwimu za wataalamu zilikuwapo miaka mingi bila kuwagusa wapiga kura. Chupa ile iliwagusa.

Ugomvi uliofuata ulikuwa kati ya jiji na serikali kuu. Tokyo ilipitisha amri yake mwaka 2000, ikisema kwamba lori au basi la dizeli lililotimiza miaka saba tangu kusajiliwa, na lisilofikia kiwango cha chembechembe cha jiji, halitaruhusiwa kupita mjini isipokuwa limefungwa kichujio kilichoidhinishwa. Mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa iliungana nayo, na katazo likaanza Oktoba 1, 2003. Katikati ya safari hiyo, mwezi Oktoba 2002, mahakama ya wilaya ya Tokyo iliamua kwamba wagonjwa wa pumu walioishi kando ya barabara kubwa walipwe fidia na mamlaka za umma. Serikali kuu nayo ilikuwa imerekebisha sheria yake mwaka 2001 ili ijumuishe chembechembe. Kampuni za mafuta pia zilibanwa, kwa kuwa kichujio hakidumu katika dizeli yenye salfa nyingi, na kufikia mwaka 2003 zilikuwa zikiuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kabla ya muda uliowekwa kisheria.

Hata hivyo ushindi huo uliingia doa. Novemba 2004 ilifichuka kwamba vichujio zaidi ya 21,000 vilivyouzwa na kampuni ya Mitsui kwa ajili ya amri hiyo viliidhinishwa kwa takwimu za kughushi, na havikuzuia masizi kwa kiwango kilichoahidiwa. Upande wa pili wa ushindi haukuzungumzwa sana: malori yaliyofukuzwa katika barabara za Tokyo na mikoa jirani hayakuyeyushwa yote kuwa chuma chakavu, kwani mengi yalipakiwa melini na kuuzwa katika nchi ambazo hazikuwa na katazo kama hilo.

Biashara hiyo ndiyo inayoeleza tofauti ya mabara kuliko jambo jingine lolote. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 40 yalikwenda Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi, waliotoa mwaka huohuo ripoti kuhusu magari yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka bandari zao, walikuta mengi hayafikii hatua ya Euro 4, na mengine yameng'olewa kichocheo, yaani kifaa cha kusafishia moshi chenye madini ya thamani, hata kabla ya kupanda meli. Kenya hukataa gari lililozidi umri wa miaka minane; Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru zaidi kwa ajili ya uchakavu.

Afrika Mashariki ilitangulia kwenye mafuta. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha ukomo wa salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kiwango kinachoruhusu kichujio na kichocheo kufanya kazi. Hata bomba la TAZAMA, lililojengwa mwaka 1968 na ambalo kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi Ndola, liligeuzwa mwaka 2023 kusafirisha dizeli yenye salfa kidogo. Hili ni jambo la kujivunia, lakini mafuta safi hayalisafishi lori ambalo vifaa vyake vimeng'olewa.

Tunduma huonyesha mahali sheria inapoishia. Malori mengi ya Euro V na Euro VI hupunguza oksidi za nitrojeni kwa kunyunyizia moshi maji ya urea, ambayo madereva huyaita AdBlue, ili ndani ya kichocheo chenye joto gesi hizo zigeuke kuwa nitrojeni na mvuke wa maji. Kichocheo hicho huhitaji moshi wenye joto la takriban nyuzi 200 au zaidi, kwa hiyo lori linalounguruma bila mzigo katika foleni ndefu, likisogea hatua chache na kusimama tena, huwa na moshi uliopoa, na usafishaji hufifia palepale penye wachuuzi, abiria na mawakala wa forodha. Mwenye lori akikosa AdBlue, au akitaka kuokoa gharama yake, huweza kufungiwa gereji kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta ya injini ili isipunguze nguvu. Injini za aina hiyo zimetegeshwa ziungue kwa joto kali, kwa kuwa zilitarajiwa kusafishwa mbele, na hivyo lori jipya lililochezewa huweza kutoa oksidi za nitrojeni nyingi kuliko lori kuukuu la Euro III. Jicho halilioni kosa hilo, kwa sababu moshi wake hauna weusi. Masizi ni rahisi kuyagundua: ukuta wa ndani wa ekzosi ya lori la Euro VI lenye kichujio kizima hubaki karibu safi, na kidole kikitoka kikiwa cheusi, kichujio kimetobolewa au kimeondolewa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mwaka 2022 kiwango cha pamoja cha moshi wa magari, EAS 1047, kinacholingana na hatua ya Euro 4. Zambia, iliyo upande wa pili wa mpaka, si mwanachama wake. Kiwango cha karatasini hakitapunguza gramu hata moja bila kipimo barabarani. Mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, tayari husimamisha malori ili yapimwe uzito, na kupima weusi wa moshi huhitaji dakika chache: injini ikiwa ya moto na gia ikiwa huru, dereva hukanyaga mafuta mara kadhaa huku kifaa kilichoingizwa katika ekzosi kikipima mwanga unaozuiwa na masizi. Kipimo hicho hakionyeshi oksidi za nitrojeni, kwa hiyo ukaguzi wa tangi la AdBlue na wa nyaya zake ufanyike papo hapo. Mamlaka zinazosimamia barabara, viwango na mazingira zianzie hapo, na Tanzania na Zambia zikubaliane kwamba cheti cha upande mmoja kitambuliwe upande wa pili, ili lori lisiongezewe foleni nyingine kwa ajili ya kupimwa moshi wa foleni.