Kudai deni kwa meseji bila kumvunjia mtu heshima

Meseji haina sauti wala uso. Neno ambalo ana kwa ana ungelisema huku unatabasamu, kwenye simu husomeka kama amri. Katika makala hii tunaonyesha namna ya kulainisha ujumbe bila kupoteza dai lenyewe.

Tuchukue mfano wa kijana aliyemkopesha jirani yake, mzee wa rika la baba yake, madebe matatu ya mahindi. Siku ya kulipa imepita. Ameandika hivi:

“Mzee nataka hela yangu 45,000. Umechelewa sana. Nilipe kabla ya Ijumaa.”

Dai ni la haki, lakini mzee akiisoma mbele ya wajukuu atajiona ameaibishwa. Huenda akanuna, na deni likazidi kuchelewa.

Kabla ya kubadilisha neno lolote, tutenge yale yasiyopaswa kupotea: kiasi cha pesa, siku ya mwisho, na kwamba anaombwa alipe. Mengine yote yanaweza kubadilika.

Kwanza, salamu itangulie. Pili, “nataka” iwe “naomba”. Tatu, “umechelewa” inamnyooshea mtu kidole. Tukisema “imebaki 45,000”, tunazungumzia deni, si tabia yake. Nne, siku ya mwisho ipewe sababu, ili kinachombana kiwe ada ya shule na si kijana. Mwisho, aachiwe mlango wa kutokea kwa heshima.

“Shikamoo mzee. Habari za nyumbani? Naomba kukukumbusha yale mahindi, madebe matatu, imebaki 45,000. Ijumaa natakiwa kulipa ada ya mtoto, hivyo ningeomba niipate Alhamisi. Kama kuna ugumu, naomba unijulishe mapema tupange.”

Siku imesogea hadi Alhamisi, kwa sababu “kabla ya Ijumaa” ilikuwa na maana hiyo hiyo. Kiasi hakikubadilika.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kulainisha kupita kiasi: “Shikamoo mzee, nilikuwa nakusalimia tu. Ukipata nafasi unikumbuke na yale mambo yetu.” Hapo hakuna kiasi wala siku. Mzee atajibu “Marahaba mwanangu, hamna shida,” naye atakuwa hajakosea. Maneno kama “ukipata nafasi” na “hata kidogo tu” ndiyo yanayoua dai.

Ili kupima ujumbe wako, mpe mtu asiyejua habari hiyo ausome, kisha umuulize: naomba nini, kiasi gani, lini? Akikosa jibu moja, ujumbe umelegea. Akikuuliza, “Kwani mmegombana?”, bado ni mkali.

Ujumbe huo utumwe kwa mzee peke yake, kamwe usiwekwe kwenye kundi la kijiji. Na Alhamisi ikipita kimya, usirudie kwa maneno makali zaidi. Nenda nyumbani kwake, au umtume mtu mzima anayemheshimu.