Kabrasha la Mkalimani

Kabrasha la mkalimani ni mkusanyo wa nyaraka ambazo mwandaaji wa warsha humkabidhi mkalimani siku kadhaa kabla ya kazi, ili aingie kibandani akiwa anaifahamu mada, wazungumzaji na msamiati wao. Neno furushi lingeweza kupendekezwa, lakini humpeleka msomaji kwenye mzigo uliofungwa kwa nguo, ilhali kabrasha limekwishazoeleka maofisini kwa maana ya nyaraka za kikao, na kwa hiyo ndilo lifaalo.

Kwa warsha ya Kiswahili na Kiingereza kuhusu chanjo za watoto, kabrasha huanza na ajenda, yaani mambo yatakayojadiliwa, pamoja na ratiba inayoonyesha nani atazungumza lini na kwa lugha gani. Saa zihakikiwe katika matoleo yote mawili, kwani kikao cha saa 3:00 asubuhi kwa Kiswahili huandikwa 9:00 kwa Kiingereza. Ratiba hiyo pia huwawezesha wakalimani wawili wa ukalimani sawia, ambao hutafsiri huku mzungumzaji akiendelea, kupanga zamu zao za takribani dakika 20 hadi 30.

Muhtasari wa hotuba na slaidi hufuata, na hapa ndipo waandaaji wengi huzembea. Mzungumzaji anayesoma maandishi huenda kasi kuliko anayezungumza bila kusoma, na takwimu zake hazikisiki. Mkalimani asiyeziona mapema huziacha au huzikosea, hasa pale laki 3 inapopaswa kutamkwa kwa Kiingereza kama 300,000.

Orodha ya istilahi huchotwa katika nyaraka hizohizo, wala si katika kamusi ya jumla, na huandaliwa kwa pande zote mbili. Sababu yake huonekana katika neno kinga: Kiswahili hulitumia kwa hatua za kuzuia ugonjwa na pia kwa uwezo wa mwili wa kuupinga, mambo ambayo Kiingereza huyapa majina mawili tofauti. Chanjo nayo ni dawa yenyewe na ni tendo la kuitoa. Orodha inayotoka Kiingereza kwenda Kiswahili tu huuficha utata huo, na mkalimani hukutana nao pale mshiriki anapouliza swali kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, kiambatane na sentensi fupi kutoka katika hotuba. Hadhira nayo izingatiwe, kwa kuwa ugonjwa uitwao surua Tanzania hujulikana pia kama ukambi nchini Kenya, na warsha yenye washiriki wa nchi zote mbili huhitaji maneno yote mawili yaorodheshwe, moja likiwekewa alama ya kuwa ndilo litakalotumika.

Kabrasha linalofika asubuhi ya warsha halitimizi kazi yake, maana mkalimani hawezi tena kumuuliza mzungumzaji alikusudia kinga ipi.