Maduara ya malaria, kutoka Newcastle hadi Rachuonyo

Mwaka 1987, mwanajiografia Stan Openshaw na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walitengeneza programu ya kompyuta iliyochora maelfu ya maduara juu ya ramani na kuhesabu wagonjwa ndani ya kila moja. Walitafuta mahali palipojaa saratani ya damu kwa watoto. Duara moja lilijitokeza Seascale, jirani na mitambo ya nyuklia ya Sellafield, kama wengi walivyotazamia. Jingine likaangukia Gateshead, ambako hakuna kinu cha nyuklia. Hapo swali likawa zito: ukipima maduara maelfu, mangapi yatajaa kwa bahati tu?

Jibu lililoenea zaidi ni la Martin Kulldorff, la mwaka 1997, linalotumika katika programu iitwayo SaTScan. Kompyuta hutafuta duara lenye wagonjwa wengi kupita kiasi kuliko mengine yote. Kisha huwatawanya upya wagonjwa wale wale bila mpangilio, kwa kawaida mara 999, na kila mara hutafuta tena duara kubwa la bahati. Duara halisi likiwa miongoni mwa 50 ya juu kati ya 1,000, ndipo huhesabiwa kuwa si la kubahatisha.

Watafiti wa malaria pwani ya Kenya waliichukua mbinu hiyo. Matokeo yao ya mwaka 2014, kutoka makazi ya familia 1,500, hayakuhesabu wagonjwa tu, kwani anayeishi karibu na zahanati huenda kutibiwa mara nyingi zaidi. Walipima ni watoto wangapi, kati ya wenye homa, walikutwa na vimelea. Maduara yakaonekana, na ndani yake maduara madogo zaidi, hadi boma moja. Lakini yalihamahama. Tena, palipo na maambukizi makali watoto hujenga kinga mapema, hivyo wakubwa hawaugui homa ingawa wanaumwa na mbu wale wale. Ramani ya homa pekee inaweza kuficha mahali pabaya kuliko pote.

Mtihani mkubwa, wa kuona kama kuyatibu maeneo yenye malaria nyingi kutawakinga pia majirani, ukafanyika Rachuonyo Kusini, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2011 watafiti walipima watu 17,503, wakatumia kingamwili za damu, ambazo hukumbuka maambukizi ya zamani, kuyatambua maeneo hayo. Mwaka uliofuata maeneo matano yalipewa dawa za kumeza, vyandarua, upuliziaji wa nyumba na dawa ya kuua viluwiluwi; matano mengine yakabaki na huduma za kawaida. Ndani ya maeneo yaliyotibiwa vimelea vilipungua kwa muda, lakini kufikia wiki ya 16 tofauti haikuonekana tena. Kwa majirani wa nje, hadi mita 500, hapakuwa na nafuu iliyothibitika.

Duara lilionyesha palipo na malaria nyingi. Halikuthibitisha kwamba hapo ndipo inapotoka ya majirani.