Barua kwa Kidato cha Tatu: neno "literali" na tepu ya Speke

Wanafunzi wangu wa Kibingo,

Nimemaliza kusahihisha insha zenu za Kiingereza, na kuna neno moja lililoiumiza kalamu yangu nyekundu. Mnalitamka "literali", na siku hizi mnalichomeka hata mnapozungumza Kiswahili. Mmoja ameandika kwamba siku ya mbio za wilaya literali alikufa kwa kiu. Mwingine moyo wake literali ulipasuka matokeo yalipobandikwa. Wote wawili nimewaona leo asubuhi mstarini, wazima.

Badala ya kuwachorea mistari tu, nimeona niwaandikie, maana neno hili lina historia, na sehemu moja ya historia hiyo naweza kuwaonyesha humu humu Karagwe.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa Kaze, Tabora ya leo, akitafuta chanzo cha Mto Naili. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekaa huko, Musa Mzuri, alimwambia kwamba huko Karagwe wake wa mfalme na wake wa wana wa mfalme hunoneshwa mpaka hawawezi kusimama. Ungekuwa wewe ungeelewaje? Sisi husema mtu ameshiba hata hainuki, naye baada ya dakika tano amekwenda kisimani. Maneno ya Musa yangeweza kuwa chumvi kama hiyo.

Mwezi Novemba mwaka huohuo Speke akafika kwa Mukama Rumanyika. Alichokikuta ni kwamba Musa hakuwa ametia chumvi. Wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa kutwa, na unene ulikuwa ndio uzuri na ndio heshima ya nyumba. Shemeji mmoja wa Mukama hakuweza kusimama ila kwa mikono na magoti. Binti yake wa miaka 16 alikuwa ameketi akinyonya chungu cha maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Hapo Speke akafanya jambo ambalo mwalimu wa lugha hulipenda: aliomba ruhusa ya kumpima yule mama. Nikigeuza vipimo vyake vya futi na inchi, mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi, kifua 132, paja 79, na shavu la mguu 51. Urefu aliuandika futi 5 na inchi 8. Halafu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 akaongeza angalizo kwamba vipimo vyote ni kamili isipokuwa huo urefu, kwa sababu mama yule hakuweza kusimama wala kulazwa sakafuni ili apimwe sawasawa. (Adabu ya mgeni kumzungushia tepu mke wa watu ni habari nyingine, tutaijadili kwenye kipindi cha historia.)

Angalieni alivyotenganisha alichokipima na alichokikisia. Kazi ya literali ndiyo hiyo. Unalitumia pale ambapo msikilizaji angedhani unasema kwa mafumbo, nawe unataka ajue kwamba jambo lilikuwa hivyohivyo kama maneno yalivyo. "Literali hakuweza kusimama" ni sentensi sahihi kuhusu yule mama, kwa sababu bila hilo neno tungedhani ni chumvi.

Asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya herufi. Wasomi wa Kanisa wa zamani walipofasiri Biblia walitofautisha maana iliyo katika herufi zenyewe na maana ya kiroho iliyofichika nyuma yake. Kiingereza kikalichukua kwa maana hiyo ya kufuata herufi. Kupinda kulianza mapema kuliko mnavyodhani. Katika riwaya ya Frances Brooke ya mwaka 1769 tayari limetumika kukazia msemo wa mafumbo. Mwaka 1876 Mark Twain alilitumia hivyo kumhusu Tom Sawyer, mtoto aliyewauzia wenzake nafasi ya kupaka chokaa uzio akaishia na gololi, kishada na panya mfu. Mwandishi akasema kwa neno hilohilo kwamba Tom anagaagaa katika utajiri. Ni mzaha, na ni mzaha mzuri, maana msomaji ameshaona utajiri wenyewe ni panya mfu.

Wanasarufi walikasirika. Fowler, katika mwongozo wake wa mwaka 1926, aliwalaumu wanaolitumia kinyume. Kamusi kuu ya Oksfodi iliposahihishwa mwaka 2011 ikaandika matumizi hayo ya kukazia kuwa ni maana mojawapo, na mwaka 2013 watu walipogundua wakapiga kelele magazetini kana kwamba Kiingereza kimezikwa. Najua kuna mjanja kati yenu atakayeniletea kamusi hiyo. Ailete, ila asome pia pale panaposema ni matumizi ya mazungumzo. Kamusi inaandika watu wanavyosema, haikusahihishii insha.

Sababu ya neno kuchakaa hivi si uvivu wa Waingereza peke yao. Kila lugha ikitaka kukazia hukimbilia maneno ya ukweli, na yakitumika sana makali yake huisha. "Yaani" tulilipata kwa Waarabu likiwa na kazi ya kuleta ufafanuzi: nimesema hili, maana yake ni hili. Sikilizeni sasa kwenye daladala: "Yaani we acha tu, yaani!" Hakuna kinachofafanuliwa. "Kiukweli" nalo limekuwa mlango wa kuingilia kila sentensi, hata ya mtu anayedanganya. Kwa hiyo msidhani nawachukia vijana. Lugha zinakwenda hivyo, nami siwezi kuzizuia.

Ninachokilinda ni kidogo zaidi. Kuna siku mtahitaji neno lenye makali bado. Kuanzia mwaka 2006 migomba ya Kagera ilipopatwa na mnyauko, wakulima waliambiwa kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine, kwa sababu bakteria husafiri kwenye utomvu uliobaki kwenye chuma. Mtu akidhani "motoni" ni namna ya kusema "kwa uangalifu", atalifuta kwa jani na kuendelea, akiusambaza ugonjwa shina kwa shina. Hapo unahitaji kusema: moto wenyewe, wa kuni, si mfano. Ukiwa umeshazoesha watu kwamba literali yako ni kelele tu, hawatasikia.

Jipimeni hivi. Mkiliandika, ulizeni kwanza kama jambo lilitokea kweli. Kama halikutokea, lifuteni, msemo wenu utasimama wenyewe: "nilikufa kwa kiu" inatosha, hakuna atakayeita jeneza. Kama lilitokea, ulizeni kama kuna mtu angelidhania mafumbo. Mwenzenu mmoja ameandika kwamba literali alinunua kilo mbili za maharage gulioni. Alinunua kweli, sina shaka, lakini hakuna msemo wa maharage wa kumchanganya msomaji, basi neno limekaa bure.

Insha ziko kwa monita. Sentensi nilizozizungushia ziandikeni upya kabla ya kipindi cha Jumatatu. Wewe uliyeandika kwamba babu yako literali alilala na ng'ombe chumba kimoja, neno lako nimelipa alama.

Mwalimu wenu