Nani Anachagua Video Zetu? Kutoka Kibanda cha Sinema mpaka For You

Wiki hii tunawaandikia historia, lakini inaanzia kwa wadogo zetu wa dansi.

Mnawajua wale watoto tunaofundisha Jumamosi kule Nsambya. Mwezi fulani tuliwarekodi mara mbili, dansi ileile, muziki uleule. Video ya kwanza tulichukua uani kwao, nyuma kuna mabati ya kutu na kamba ya nguo. Ya pili tulichukua mbele ya geti zuri la jirani, kuna maua na sakafu ya vigae. Tukaposti zote kwenye mtandao mmoja wa video. Ya uani ikapata watazamaji 212. Ya getini ikapita 3,400. Jumamosi iliyofuata mtoto mmoja akatuambia, "Kaka, tusirekodi tena nyumbani. Kwetu ni kubaya." Tulikosa jibu. Ndiyo maana tukaanza kutafuta: ni nani anayeamua video gani ionekane, na tangu lini?

Zamani hapa mjini jibu lilikuwa rahisi, maana huyo mtu ulimwona kwa macho. Ulienda kibanda cha sinema, ukakuta ubao umeandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo. Mwenye kibanda ndiye alichagua. Ndani kulikuwa na VJ, yule anayetafsiri filamu kwa Kiganda huku inaendelea, kama VJ Jingo ambaye wengi bado mnasikia sauti yake kwenye diski. Nao walikuwa na upendeleo wao. Filamu za ngumi na risasi zilipita kwanza, na asiyejua Kiganda alikaa akiangalia picha tu. Lakini kama hukupenda, ulimfuata mwenye kibanda ukalalamika.

Halafu ikaja YouTube, na Kampala ikaonekana kwa njia ambayo hakuna mtu alipanga. Kule Wakaliga, mtaa wa maskini upande wa Rubaga, Isaac Nabwana alikuwa anatengeneza filamu za mapigano kwa pesa kidogo kabisa, bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu. Januari 2010 aliweka kionjo cha filamu yake Who Killed Captain Alex? Watu wa nchi za mbali wakakiona, wakatumiana, na Wakaliwood ikapata jina dunia nzima. Wakati ule YouTube ilihesabu zaidi mibofyo, yaani ni watu wangapi wamefungua video. Mwaka 2012 ikabadilisha, ikaanza kuthamini zaidi muda ambao mtu anabaki akiangalia. Sababu ilieleweka: watu walikuwa wanaweka picha ya uongo mbele ili ubofye, ukifungua unakuta hakuna kitu. Lakini tangu hapo mashine ya kupendekeza video ilianza kupima kitu kingine. Haikuuliza kama umependa, iliangalia umekaa sekunde ngapi.

Mwaka 2014 ukaja wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo. Wote mnaikumbuka ile video ya watoto wanacheza nje, kwenye udongo, nguo za kawaida. Hao ndio Ghetto Kids. Mamilioni ya watu waliiangalia. Wekeni hiyo picha kichwani, maana tutairudia sasa hivi.

Sasa tufike TikTok. Hapa kitu cha kwanza unachokiona si watu uliowachagua. Ni ukurasa wa For You, ambao mashine inakupangia yenyewe. Ukikosa kuingia humo, video yako inaonwa na watu wachache tu. Desemba 2019 gazeti la mtandaoni la Ujerumani, Netzpolitik, lilitoa habari kutoka ndani ya kampuni. Wakaguzi wa video walikuwa wamepewa maagizo ya kupunguza video za watu wenye ulemavu na wengine walioonekana kuwa rahisi kuchekwa. Video nyingine zilizuiliwa zisitoke nje ya nchi zilipopostiwa. Kwa watu fulani waliowekwa kwenye orodha, video ikifika kati ya watazamaji 6,000 na 10,000, ilizuiliwa kuingia For You. Kampuni ilijibu kwamba ilikuwa njia ya muda ya kuwalinda watu wasionewe, na ikakubali kwamba njia hiyo haikuwa sahihi. Lakini angalieni ulinzi huo: anayetukanwa ndiye anafichwa, anayetukana anabaki.

Machi 2020 The Intercept likatoa karatasi nyingine, na hizi zinatuhusu sisi moja kwa moja. Zilieleza video ambazo hazifai kupendekezwa kwenye For You. Kulikuwa na watu wa sura mbaya, wanene sana, wenye makunyanzi. Halafu kulikuwa na mahali pa kurekodia: mitaa ya maskini, nyumba zilizochakaa, mashamba ya kijijini. Kijiji chenye mandhari nzuri kiliweza kusamehewa. Sababu iliyoandikwa haikuwa usalama. Ilikuwa kwamba mazingira kama hayo hayavutii watumiaji wapya. Msemaji wa kampuni alisema mengi ya maagizo hayo hayatumiki tena, na mengine inaonekana hayakuwahi kutumika. Gazeti lilisema vyanzo vyake vilionyesha yalitumika mpaka mwishoni mwa 2019.

Sasa rudini kwenye Sitya Loss. Kwa maneno ya karatasi zile, uwanja wa udongo na nyumba duni nyuma ni video isiyofaa mgeni. Video iliyowapeleka watoto wa Kampala duniani ingefungiwa mlangoni na mtu ambaye hajawahi kufika Kampala.

Kusoma hayo kulitupandisha hasira, tukasema basi, mabati yetu ndiyo yalituponza. Lakini tukajiuliza: kama maagizo hayo hayapo tena, kuna njia nyingine ya kufichwa bila mtu yeyote kutuchukia? Kumbe ipo, na hii ndiyo ngumu zaidi kuiona.

TikTok yenyewe ilieleza Juni 2020 jinsi inavyopanga For You. Inaangalia unachokifanya, kama laiki, komenti, na hasa kama umeangalia video mpaka mwisho. Inaangalia maneno na sauti ya video. Kwa uzito mdogo zaidi inaangalia lugha ya simu, nchi na aina ya simu. Desemba 2021 gazeti la New York Times likaonyesha hesabu iliyorahisishwa kutoka kwenye karatasi ya ndani:

```
Plike x Vlike + Pcomment x Vcomment + Eplaytime x Vplaytime + Pplay x Vplay
```

Msiogope. Inamaanisha mashine inakisia: huyu mtu atalaiki? Atakomenti? Atakaa muda gani? Atafungua? Kila jibu linazidishwa kwa uzito ambao kampuni imeupanga, vyote vinajumlishwa, na video yenye jumla kubwa inatangulia.

Tuchukue mfano wetu wenyewe, muda wa kuangalia tu. Video yetu ya Kiswahili ya sekunde 30 inaonyeshwa kwanza kwa watu 100 hapa Kampala. Tuseme 20 wanasikia Kiswahili, wanaipenda, wanakaa sekunde 24 kila mmoja. Wale 80 hawasikii, wanaondoka baada ya sekunde 4. Jumla ni 480 na 320, yaani 800. Wastani ni sekunde 8. Video nyingine ya Kiganda inaonyeshwa kwa watu walewale. Wale 80 wanakaa sekunde 15, wengine 20 wanakaa 5. Jumla ni 1,300, wastani 13. Mashine inaisukuma mbele ile ya 13. Lakini ni ipi ilipendwa zaidi na watu wake? Ni yetu, 24 kwa 15! Tumeshindwa kwa sababu tulipelekwa kwa watu wasio wetu, na tukishashindwa hatupelekwi tena kwa watu wetu waliobaki, kule Nakivale, Kyangwali au Goma. Mashine inakosa habari kuhusu wapenzi wa video zetu, kwa hiyo kesho inakisia vibaya tena. Mviringo unajifunga wenyewe.

Kweli, mashine halisi inajaribu kumjua kila mtu peke yake, na ikiwa na habari za kutosha inaweza kujua nani anasikia Kiswahili. Shida ni akaunti mpya na kundi dogo, ambapo habari hizo hazijakuwepo. Ongezeni na bando. Mtu wetu akiona MB zinaisha anafunga video nusu, na mashine inasoma hiyo kama hakupenda.

Basi tungejuaje ni mabati au ni lugha? Tulirudia jaribio. Safari hii dansi moja, saa moja, siku ya juma ileile, na muziki tu bila mtu kuongea. Kitu kimoja tu kilibadilika: mahali. Na tulibadilishana, wiki moja ya uani inatangulia, wiki ya pili ya getini inatangulia. Tulifanya mara 5. Getini ilishinda mara 3, uani mara 2. Hiyo haitoshi kusema chochote, na tunakubali kwamba malalamiko yetu ya kwanza yalijengwa kwenye jozi moja ya video.

Halafu tukafungua sehemu ya takwimu za video za zamani. Pale unaona wastani wa muda na sekunde ambayo watu wanaanza kuondoka. Video nyingi tulizoanza kwa salamu ndefu ya Kiswahili, watu walikimbia mwanzoni kabisa, kabla dansi haijaanza. Ile ya uani yenye 212 ilikuwa na salamu. Ya getini haikuwa nayo! Hatukuwa tumekumbuka hata kidogo.

Takwimu hizo zina mipaka. Zinakuonyesha za kwako tu. Unaona nchi za watazamaji, lakini huoni nani alinyimwa video yako. Mwenye kibanda ungemuuliza, huyu wa sasa hana dirisha la kugonga. Ndiyo maana zile karatasi za 2019 na 2020 zilijulikana kwa kuvujishwa tu. Hakuna mtoto wa Nsambya angeweza kuzigundua kwa kuhesabu laiki.

Jumamosi iliyopita tulimwita yule mdogo wetu, tukamwonyesha daftari la yale majaribio 5. Tukamwambia pia ukweli wote, kwamba waliwahi kuwepo watu walioandika kuwa mahali kama kwao hapafai kuonekana. Aliangalia namba muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo ile ya kwanza, ni salamu ya Kaka ndiyo iliharibu?"

Tukacheka, tukakubali. Tumerekodi tena uani, kamba ya nguo ipo palepale. Salamu tumeiweka mwisho.