Ukungu mzito kwenye kiwanja: ndege inashuka yenyewe, na mapiloti wanaangalia nini?

Watu wengi wanawaza kama ndege ikitua yenyewe ndani ya ukungu, mapiloti wanakunja mikono na kungoja. Hapana. Hizo dakika za mwisho ndizo wanafanya kazi ya macho kuliko saa zote za safari.

Kutua namna hiyo hakufanyike popote. Kiwanja lazima kiwe na antena zinazotuma mishale miwili ya redio. Mmoja unaonyesha katikati ya pisti, mwingine unaonyesha mteremko wa kushukia. Ndege inafuata hiyo mishale. Ndiyo maana wakati wa ukungu magari na ndege zingine zinasimamishwa mbali na antena, sababu chuma kikubwa kikipita karibu kinaweza kupindisha mshale. Brussels, kwa mfano, ni kiwanja chenye vyombo hivyo.

Kwenye viwanja vya namna hiyo, ndege yenye vyombo kamili inaweza kuruhusiwa kutua hata kama mtu anaona metre 75 tu mbele ya pisti. Tupige hesabu. Ndege inagusa chini ikiwa na mbio za karibu kilometre 260 kwa saa, ni kusema metre 72 kwa sekunde. Kile piloti anachoona, anakifikia kisha sekunde moja. Taa za katikati ya pisti zinapangwa kila metre 15, kwa hiyo anaona taa tano hivi. Haiwezekani mtu kuongoza kwa mkono namna hiyo.

Tuchukue Airbus A320. Mapiloti otomatiki wawili wanafungwa pamoja, ili mmoja akikufa, mwingine aendelee. Kwenye kioo, juu, kunaandikwa `CAT3 DUAL`. Andiko hilo likibadilika kuwa `CAT3 SINGLE`, mapiloti wanajua wamebaki na usalama mdogo zaidi, na kiasi cha ukungu walichoruhusiwa kinabadilika.

Ndege ikishuka, maandiko yanafuatana. Karibu futi 400 (metre 120) juu ya udongo, inatokea `LAND`. Ikifika futi 350 bila neno hilo kuonekana, hawabishani: wanaongeza gazi na kurudi juu. Karibu futi 40 inatokea `FLARE`, ni kusema ndege inaanza kuinua pua ili iguse polepole. Magurudumu yakigusa, inatokea `ROLL OUT`, na ndege inajishika yenyewe katikati ya pisti. Kila neno, mmoja anasema kwa sauti. Neno lisipotokea, kunyamaza kwa kioo ndiyo habari yenyewe.

Kazi inagawanywa. Komanda anaweka mkono kwenye gazi na kuanza kutafuta taa nje. Kopiloti yeye haangalie nje hata kidogo. Macho yake yanabaki kwenye vyombo mpaka ndege iko chini. Sababu ni kwamba wote wawili wakitafuta taa, hakuna anayeona kosa kwenye kioo.

Chini ya futi 200 kuna taa nyekundu iliyoandikwa `AUTOLAND`. Inawaka kama ndege imetoka sana kwenye mishale, kama mapiloti otomatiki wote wawili wamezimika, ao kama vipima-urefu viwili vya redio havipatane. Ikiwaka na pisti haionekani, ni kurudi juu mara moja.

Kwa nini vipima-urefu vinaangaliwa hivyo? Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737-800 ya Turkish Airlines ilikuwa inashuka Amsterdam. Siku ile haikuwa kutua kwa ukungu wa namna hii, lakini ndege ilikuwa chini ya piloti otomatiki. Kipima-urefu cha kushoto kiliharibika, kikaonyesha futi 8 chini ya sifuri, wakati ndege ilikuwa bado karibu futi 2000 hewani. Mashine ya gazi iliamini kama wako karibu kugusa udongo, ikarudisha gazi ya motere chini kabisa. Kioo kiliandika `RETARD`, neno la wakati wa kugusa pisti. Piloti otomatiki akaendelea kuinua pua ili abaki kwenye mteremko, na mbio zikapungua kidogo kidogo. Mapiloti walishtuka wakiwa futi 460 tu. Ndege ilianguka shambani mbele ya pisti. Kati ya watu 135, tisa walikufa, pamoja na mapiloti watatu waliokuwa mbele.

Mashine ilifanya vile ilivyopangwa kufanya na namba iliyopewa. Neno `RETARD` lilikuwa pale kwenye kioo, na namba ya mbio ilikuwa inashuka chini yake.