Grafu ya mkazo na mrefuko

Grafu ya mkazo na mrefuko ni mchoro unaoonyesha jinsi kipande cha metali au cha kitu kingine kigumu kinavyorefuka kadiri kinavyovutwa kwa nguvu kubwa zaidi, hadi kinapokatika. Kutokana na grafu hii mhandisi husoma kikomo cha unyumbufu, nukta ya kulegea na mkazo wa kilele. Maswali ya kutambua nukta hizo ni ya kawaida katika majaribio ya somo la uhandisi wa vifaa, na mara nyingi wanafunzi huzichanganya.

## Mhimili wa grafu

*Mkazo* ni nguvu ya kuvuta ikigawanywa kwa eneo la mkato la awali la kipande. Hupimwa kwa MPa, na MPa 1 ni sawa na nyutoni 1 kwa kila milimita moja ya mraba. *Mrefuko* ni ongezeko la urefu likigawanywa kwa urefu wa awali, hivyo hauna kipimo. Mkazo huandikwa kwenye mhimili wa wima na mrefuko kwenye mhimili wa mlalo:

σ = F / A₀ na ε = ΔL / L₀

Umuhimu wa grafu hii unaonekana hata penye ujenzi wa kawaida. Fundi wa nyumba huko Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, anapokunja nondo nyembamba kutengeneza ringi, huanza kwa kuikunja kidogo, nayo hurudi ilivyokuwa akiiachia. Akizidisha, nondo hubaki imejikunja, ingawa bado hurudi nyuma kidogo. Mpaka kati ya kurudi na kubaki ndio unaotafutwa kwenye grafu.

## Nukta za grafu ya chuma laini

Chuma laini, yaani chuma chenye kaboni kidogo, kina grafu yenye nukta zinazoonekana wazi. Zinafuatana hivi:

1. Kikomo cha uwiano. Hadi hapa grafu ni mstari mnyoofu, kama alivyoeleza Robert Hooke mwaka 1678. Mteremko wa mstari huo ni moduli ya Young.
2. Kikomo cha unyumbufu. Ni mkazo mkubwa kabisa ambao kipande kikiachiwa bado hurudi kwenye urefu wake wa awali. Kiko juu kidogo ya kikomo cha uwiano.
3. Nukta ya kulegea. Chuma huendelea kurefuka bila kuhitaji nguvu zaidi. Katika chuma laini mkazo hufika juu, hushuka kidogo, kisha grafu hulala karibu mlalo. Ndiyo maana husemwa kuna nukta ya juu na nukta ya chini ya kulegea.
4. Mkazo wa kilele. Ni mkazo mkubwa kuliko wote kwenye grafu. Baada yake kipande huanza kufanya shingo, yaani hupungua unene mahali pamoja.
5. Nukta ya kukatika. Iko upande wa kulia wa kilele, na kwa kawaida chini yake.

## Mfano wa swali

Kipande cha chuma laini chenye kipenyo cha mm 10 na urefu wa kupimia wa mm 50 kimevutwa. Eneo lake la mkato ni mm² 78.5. Vipimo vya mfano ni hivi:

| Nukta | Nguvu (kN) | Ongezeko la urefu (mm) | Mkazo (MPa) |
|---|---|---|---|
| A | 20 | 0.064 | 255 |
| B | 22 | 0.072 | 280 |
| C | 21 | 0.75 | 267 |
| D | 32 | 10 | 407 |
| E | 25 | 15 | 318 |

Kati ya A na B uhusiano huanza kupinda, kwa hiyo A ni kikomo cha uwiano. Mrefuko wake ni 0.064 / 50 = 0.00128, na moduli ya Young ni 255 / 0.00128, yaani takribani MPa 199,000. B ni nukta ya juu ya kulegea. Mkazo wa MPa 267 unaofuata baada ya kushuka, hadi C, ni mkazo wa chini wa kulegea. D ni mkazo wa kilele, na E ni mahali kipande kilipokatika.

Kikomo cha unyumbufu hakina herufi katika jedwali. Kiko kati ya A na B, lakini hakisomwi kwa macho: lazima kipande kivutwe, kiachiwe, kisha urefu wake upimwe upya, na jambo hilo lirudiwe kwa nguvu kubwa zaidi hadi kipande kinapobaki kirefu. Kwa kuwa A na B ziko karibu, watungaji wengi wa maswali hukubali jibu la kati ya hizo mbili.

## Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kumchagua E kuwa mkazo wa kilele kwa sababu ndiko chuma kilikokatika. Nguvu katika E ni ndogo kuliko D, nao mkazo unaochorwa hugawanywa kwa eneo la awali. Kama shingo ilikuwa na kipenyo cha mm 6.5, eneo lake halisi ni mm² 33.2, na mkazo halisi hapo ni takribani MPa 753. Kushuka kwa grafu kunatokana na shingo kuwa nyembamba. Chuma chenyewe hakikudhoofika.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kipande kilichopita nukta ya kulegea hakirudi nyuma hata kidogo. Kikiachiwa kutoka D, grafu hushuka kwa mstari sambamba na ule wa mwanzo. Hurudi 407 / 199,000 = 0.002 tu, huku mrefuko wote ulikuwa 0.2. Kipande hubaki na ongezeko la takribani mm 9.9.

Kosa la tatu ni kutafuta nukta ya kulegea kwenye kila grafu. Alumini na shaba hupinda taratibu bila ishara ya wazi. Kwa metali hizo huchorwa mstari kuanzia mrefuko wa 0.002 kwenye mhimili wa mlalo, sambamba na sehemu nyoofu ya grafu. Unapokutana na grafu ndipo mkazo wa kulegea husomwa. Kwa alumini yenye moduli ya MPa 70,000 inayolegea kwa MPa 270, makutano yako kwenye mrefuko wa 0.002 + 270 / 70,000 = 0.0059. Mwanafunzi anayechora mstari wima, au anayeanzia 0.2 badala ya 0.002, hupata jibu lisilo sahihi.

## Matumizi

Katika nondo za zege, hesabu hufanywa kwa mkazo wa kulegea, si wa kilele. Katika kiwango cha Uingereza BS 4449 cha mwaka 2005, namba 500 katika jina la daraja B500B ni mkazo wa kulegea wa MPa 500. Mkazo huo hupunguzwa zaidi kwa kugawanywa kwa 1.15, hivyo hutumika takribani MPa 435.

Sababu inaonekana katika mfano wa hapo juu. Nondo ya chuma hicho yenye urefu wa m 3 hurefuka takribani mm 4.3 ifikapo B. Ikipita hadi C, ongezeko lake hufika mm 45, ingawa nguvu haikuongezeka. Nondo yenyewe haijakatika na bado iko mbali na kilele, lakini zege linaloizunguka limekwisha kupasuka.